Mshahara wa Kwanza wa Kijana Aliye Nyumbani: Ugawanywe Vipi?



Tangu msimu uliopita wazee kadhaa wamefika afisini kwetu kwa shauri ambalo kwa juu juu halihusu karafuu. Mtoto amemaliza skuli, amepata kazi mjini, bado analala nyumbani, na mwisho wa mwezi anashika fedha kidogo. Mzee anauliza, nimdai kiasi gani? Kijana naye, akija peke yake, anauliza, nitoe kiasi gani nisionekane mchoyo? Tuliwajibu mmoja mmoja, kisha tukaona bora tuandike, kwani jambo hili linaligusa shamba kuliko watu wanavyodhani.

Nyumba ya mkulima wa karafuu imezoea fedha ya mkupuo. Mkarafuu hauzai sawasawa. Mwaka huu huinamisha matawi, mwaka ujao ukatoa vikonyo vya kuhesabu. Baina ya msimu na msimu nyumba hula kwa daftari la dukani, na karafuu zikishauzwa ndipo daftari husafishwa. Fedha ya mshahara ni ya tabia nyingine. Ni ndogo, lakini yaja kila mwezi. Nyumba ikiipokea kama vile inavyopokea fedha za karafuu, yaani kuipeleka yote kwenye shimo la kwanza lililo wazi, basi kijana hatafika kazini tarehe kumi na tano, na shimo halitajaa.

Tumepata ruhusa ya mwanachama mmoja wa Mtambile na mwanawe kuitoa hesabu yao hapa. Majina tumeyaweka kando kwa kuwa mambo ya daftari ni ya ndani ya nyumba. Kijana alimaliza Kidato cha Nne, akakaa nyumbani karibu mwaka mzima, kisha akapata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake. Mshahara wake, baada ya makato, ni shilingi 300,000 mkononi. Anakwenda kazini siku 26 kwa mwezi.

Mwezi wa kwanza hakugawanya kitu. Alimnunulia mama yake doti ya khanga, jambo ambalo hatumlaumu, na sisi tulipopata mshahara wetu wa mwanzo tulifanya vivyo hivyo. Akawalisha rafiki zake, akachukua viatu kwa mkopo, akampa baba 100,000 kwa mkono mmoja mbele ya wageni. Tarehe 19 alimwendea mama yake usiku, akamwambia, "Mama, kesho sina nauli." Mama akafungua pindo la khanga, ile ile aliyonunuliwa, akampa. Siku ya pili yake mama alichukua sukari na unga dukani kwa daftari. Ukiitazama vizuri, nauli ya kijana ilikopwa dukani kwa jina la baba.

Hapo ndipo walipokuja kwetu wote wawili, nasi tukaanza na jambo ambalo wengi huliruka, yaani gharama ya kuupata huo mshahara wenyewe. Nauli yake ilikuwa 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, ambazo kwa siku 26 ni shilingi 78,000. Chakula cha mchana alikuwa akinunua kwa 2,000, ambazo ni 52,000 kwa mwezi. Jumla 130,000. Kwa hivyo huyu kijana hapati 300,000. Anapata 170,000, na hizo nyingine ni za daladala na za mama ntilie, zinapita tu mfukoni mwake. Baba yake alipoliona hilo kwenye karatasi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mimi nilikuwa nikimdai fedha za dereva."

Nauli haina njia ya kupunguzwa, ila chakula kina njia. Mama alikubali kumfungia muhogo au mkate na samaki siku nyingi za kazi, akabakisha siku kumi tu za kununua. Chakula kikashuka kutoka 52,000 hadi 20,000. Gharama ya kazi sasa ni 98,000, na zinazobaki za kugawanywa ni 202,000. Tunawaomba wanachama waianze hesabu hapa, wala si kwenye mshahara mzima. Mtu akisema "atoe nusu" bila ya kwanza kuondoa gharama za kazi, nusu hiyo yaweza kuwa karibu yote aliyonayo kijana.

Fungu la pili ni la nyumbani. Hapa tuliwauliza wazee swali ambalo lilimkera baba mwanzoni: kijana huyu anakula kiasi gani? Hatukuwa na nia ya kumfanya mwana mpangaji katika nyumba ya baba yake. Tulitaka kujua tu jikoni panahitaji nini kila mwezi ili mama asipeleke daftari dukani. Mama, ambaye ndiye ajuaye, alisema akipata 50,000 ya hakika mwanzoni mwa mwezi, juu ya zile apatazo kwa kuuza ndizi na nazi, ataweza kununua mchele, sukari na mafuta kwa fedha taslimu. Neno la maana hapo ni hakika. Elfu hamsini ya kila mwezi, inayojulikana, ni bora kuliko laki moja ya mwezi huu na hamna ya mwezi ujao, kwa sababu ile ya kwanza humwezesha mama kuacha kukopa na ile ya pili haimwezeshi. Tena wenye kukopa dukani wanajua kwamba kilo ya mkopo mara nyingi ina bei yake, na kilo ya taslimu ina yake.

Fedha hizo zipewe nani? Tulishauri zipewe mama, mbele ya baba, siku ile ile ya mshahara. Zikipitia kwa baba kwanza, huenda zikakutana na haja nyingine njiani. Wazee wenzetu watatusamehe, lakini tunajijua. Na zikitolewa kwa siri, baba ataona kuwa mwanawe hatoi kitu.

Hili la siri lina mkia. Vijana wengi huuficha mshahara wao, wakidhani kuwa ukijulikana utaombwa wote. Sisi tumeona kinyume chake. Asiyesema hukisiwa, na makisio ya nyumbani huwa makubwa kuliko kweli. Huyu wetu alikuwa akidhaniwa na shangazi zake kuwa anapata laki tano. Alipoionyesha karatasi yake ya mshahara, maombi yalipungua wiki ile ile.

Zaidi ya jikoni palikuwa na deni la zamani. Daftari la dukani lilikuwa limefika shilingi 420,000. Kijana alikubali kulipa 30,000 kila mwezi, na mwenye duka aliridhia kwa sharti kwamba pasiongezwe kitu. Kwa hivyo fungu la nyumbani kwa jumla ni 80,000: jikoni hamsini na daftari thelathini. Baki ni 122,000.

Sasa akiba. Kijana alitaka kuingia katika mchezo wa wenzake wa kazini, watu wanane, kila mmoja shilingi 50,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao huzoa 400,000. Mchezo ni kitu kizuri kwa mtu asiyeweza kujizuia na fedha zake, kwani kijumbe akibisha hodi hapana maneno mengi. Wala hauna riba ndani yake. Unatoa laki nne na unapata laki nne. Lakini lazima mtu afahamu zamu yake ina maana gani. Apataye zamu ya mwanzo amekopeshwa na wenzake saba, na miezi saba ijayo atakuwa akilipa. Apataye ya mwisho amewakopesha yeye. Aliye katikati yu nusu kwa nusu. Kijana wetu alipangiwa zamu ya nne. Siku atakayozoa laki nne atakuwa ametoa laki mbili tu, na laki mbili nyingine ni deni lililo shingoni mwake. Akiachishwa kazi siku ya pili yake, deni haliondoki.

Na mchezo huvunjika. Alama zake zinajulikana. Tazama nani wamepewa zamu za mwanzo; ikiwa ni wale wenye kazi za kibarua au wanaokaribia kuondoka mjini, jihadhari. Muulize kijumbe iwapo yupo mtu mwenye majina mawili katika mchezo, kwani huyo akishindwa huacha mapengo mawili. Na ukisikia kijumbe anasema "mpe mwenzio nusu leo, nusu nitamtafutia," basi mchezo umeshaanza kupasuka. Tulimwambia kijana asiingie mpaka awajue wote saba kwa sura na kwa kazi zao. Aliwajua, akaingia.

Zilizobaki 72,000 zilikatwa mara mbili. Shilingi 20,000 huingia katika kibubu alichokiweka kwa bibi yake. Kibubu kile si cha kununulia kitu chochote. Kazi yake ni moja, kuhifadhi nauli ya mwezi mmoja iwapo mshahara utachelewa. Wapo waliomshauri aziweke kwenye simu, na si shauri baya, ila simu hukata ada kila utoapo, na mwenye kutoa kidogo kidogo hukatwa mara nyingi. Tena simu iko mfukoni usiku na mchana, na kibubu kipo kwa bibi, ambaye atauliza maswali.

Shilingi 52,000 za mwisho ni zake. Hapa baba alisema ni nyingi. Sisi tulisimama upande wa kijana, na tungesimama tena. Kijana wa miaka kumi na tisa asiyekuwa na fedha yake ya kinyozi, ya vocha na ya kumkaribisha rafiki chai, ataichukua kutoka fungu jingine, na ataichukua kwa uongo. Tulichomwomba ni kwamba viatu vya mkopo vilipwe kutoka fungu hilo, na zawadi za Idi zitoke humo humo, asiguse jikoni wala kibubu.

Basi hiyo ndiyo hesabu: kazi 98,000, nyumbani 80,000, mchezo 50,000, kibubu 20,000, yeye mwenyewe 52,000. Jumla 300,000. Mwanachama asiichukue kama dawa ya kila ugonjwa. Anayeishi Chake Chake yenyewe hana nauli ya 78,000, na nyumba isiyo na daftari haina haja ya zile thelathini. Cha kufuata ni mpango wa mafungu: kwanza kazi, halafu jikoni, halafu deni, kisha ndiyo mengine.

Mtihani wa kwanza ulikuja mapema. Mwezi wa tatu wa hesabu hii mshahara ulichelewa siku kumi. Kibubu kilikuwa na 40,000. Kijana alichukua 27,000 za nauli za siku tisa za kazi, akafika kazini kila siku, na mama hakufungua pindo. Jikoni walikula muhogo zaidi kuliko mchele, lakini dukani hawakukopa.

Mtihani wa pili ulikuwa mkubwa, nao ndio uliotufanya tuandike. Mwezi wa nne deni la dukani lilikuwa limeshuka hadi 300,000. Mwenye duka, ambaye naye ana wanaomdai, akataka lote. Juma lile lile akatokea mkodi, akamwambia mzee atamkodi mikarafuu yake ishirini kwa msimu unaokuja, na atampa shilingi 400,000 siku hiyo hiyo, karafuu zikiwa bado juu ya mti. Mzee alikuwa tayari kukubali. Alituletea karatasi tumsomee.

Tulipiga hesabu pamoja naye. Mikarafuu ile, kwa mwaka wa wastani, tuliikadiria kilo nne kavu kila mmoja, ambazo ni kilo 80. Bei tuliweka 12,000 kwa kilo kwa ajili ya hesabu tu. Kila mwanachama na aweke ile atakayoikuta kituoni. Hapo ni 960,000. Toa theluthi moja, 320,000, kwa wachumaji, kuchambua, majamvi na kubeba. Hubaki 640,000. Mkodi alikuwa akitoa laki nne, na tofauti ni 240,000. Hatusemi mkodi ni mwizi. Yeye anabeba hatari ya mvua na ya mti kukataa kuzaa, na hatari ina bei. Lakini pia mti si wake, na wachumaji wa mkodi wenye haraka huvunja matawi, na tawi lililovunjwa leo halizai mwakani. Hasara hiyo haiandikwi katika karatasi yoyote.

Swali likawa, laki tatu za mwenye duka zitoke wapi? Na mwezi ule ndio uliokuwa wa zamu ya kijana katika mchezo. Alikuwa na 400,000 mkononi. Alikuwa amekusudia kununua cherehani ya dada yake na baiskeli yake. Baba hakumwomba. Tunalisema hili kwa kuwa tulikuwapo. Kijana ndiye aliyesema, "Baba, zichukue hizi, usikodishe."

Hapo tuliingilia kati, na pengine tulionekana wakali. Tulimwambia mzee asizipokee kama zawadi. Nusu ya fedha zile, kama tulivyoeleza, bado ilikuwa ya wenzake wa mchezo. Kijana akizitoa bure na baba akazisahau, basi miezi minne ijayo kijana atakuwa akilipa 50,000 kwa kitu ambacho hanacho tena, na haitakuwa ajabu akianza kupunguza fungu la jikoni, au akahama nyumba. Tulimwambia azikope, kwa maandishi. Sote tulisoma chuoni kwamba madeni yaandikwe na yashuhudiwe, lakini baina ya baba na mwana tunaona haya. Ikaandikwa: baba amekopa kwa mwanawe shilingi 300,000, atamlipa karafuu zikiuzwa, bila ya nyongeza, na msimu ukiwa mbaya atalipa nusu na nusu nyingine msimu wa baadaye. Mashahidi wawili wakatia saini, bibi mwenye kibubu akiwa mmoja wao. Shilingi 100,000 zilizobaki zilikaa kwa kijana kama kinga ya miezi miwili ya mchezo, na baiskeli ikangoja. Mwenye duka alilipwa yote, ukurasa ukapigwa mstari, na mkodi akaambiwa ahsante.

Msimu ulipokuja haukuwa wa wastani. Mvua ilizikuta karafuu kwenye majamvi siku mbili mfululizo, nyingine zikawa mpeta. Karafuu nzuri alizopeleka kituoni zilikuwa kilo 62 badala ya 80. Tukiweka bei ile ile ya hesabu yetu, ni 744,000. Gharama za kuchuma na kuanika zilikuwa 250,000. Mkononi 494,000. Kwa hivyo faida ya kutokodisha haikuwa zile 240,000 tulizomwonyesha kwenye karatasi. Ilikuwa 94,000. Mvua ingeongeza siku mbili zaidi, mkodi ndiye angekuwa amepata hasara, na sisi tungeonekana washauri wabaya. Tunaiandika hivyo hivyo ilivyokuwa.

Ila tazama nyumba ilivyosimama baada ya hapo. Baba alimlipa mwanawe laki tatu zote, akabakiwa na 194,000 na daftari tupu. Angekodisha, laki nne zingelipa duka tatu, angebaki na moja tu, na mikarafuu ingekuwa mikononi mwa wachumaji wa mtu. Kijana naye, mchezo ulipokwisha, alikuwa amelipa zamu zake zote nane. Mwezi wa sita mwenzao mmoja alishindwa kutoa na kijumbe akamfidia. Walikuwa wamemchagua kijumbe vizuri. Cherehani imenunuliwa. Baiskeli bado, kwa sababu anasema sasa anataka pikipiki, na hilo tumemwambia alete hesabu ya petroli kwanza.

Fungu la daftari, zile 30,000, sasa halina kazi. Baba alitaka ziongezwe jikoni, kijana alitaka ziongezwe kwake. Wamekubaliana 15,000 ziende kwenye kibubu kingine cha majamvi mapya na turubali la kufunikia karafuu, na 15,000 zimwendee kijana. Turubali lingekuwapo msimu ule, pengine kilo nyingi zingepona.

Karatasi ya kuandikiana deni baina ya watu wa nyumba moja tumeichapa, nayo yapatikana afisini. Atakaye kufanyiwa hesabu na aje baada ya alasiri, siku yoyote isiyokuwa Ijumaa, baba na mwana pamoja, na mama akiweza, wakichukua daftari la dukani na karatasi ya mshahara.

Katibu wa Jumuiya